Hadithi Fupi Inayouza Viatu vya Shule

Tangazo la hadithi huuza bidhaa kwa kumwonyesha mnunuzi mtu mwenye shida kama yake. Katika tangazo la fundi viatu wa mtaani, mtu huyo ni mama ambaye kiatu cha mwanawe kimeachama soli kabla muhula haujafika nusu. Shida hiyo hutajwa kwa sentensi moja au mbili tu, kwa sababu kila mzazi anaijua.

Nafasi kubwa hupewa kibanda cha fundi, maana hapo ndipo ushahidi ulipo. Fundi anamwonyesha mama kwamba soli ilishikwa kwa gundi peke yake, ikaachia ilipolowa. Kisha anatoa kiatu cha ngozi alichokishona kuzunguka soli yote kwa uzi wa nailoni, anakikunja mbele, na mshono haufunguki. Msomaji anaiona sababu ya uimara kwa macho yake.

Hadithi huharibika fundi anapoahidi kiatu kisichochakaa, kwani soli yoyote huisha. Ahadi ya kweli ni kwamba ikiisha, atabandika nyingine. Mwishoni hutajwa bei, saizi zilizopo na mahali kibanda kilipo.