Maziwa ya Nyuzi 63 Yanaposomeka 72

Maziwa yanayopita kwenye mtambo wa kuua vijidudu hupashwa moto hadi nyuzi 72 za Selsiasi na kubaki hapo kwa sekunde 15. Anayethibitisha joto hilo mara nyingi ni Pt100, waya mwembamba wa platinamu wenye ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi sifuri. Kila joto likipanda nyuzi moja, ukinzani huongezeka kwa takriban omu 0.38. Moduli iliyo ndani ya paneli hupitisha mkondo mdogo wa umeme, hupima ukinzani na kuugeuza kuwa nyuzi za joto.

Lakini moduli haiwezi kutenganisha platinamu na waya wa shaba ulioifikia.

Tuseme paneli iko mita 50 kutoka kwenye mtambo, na fundi ametumia nyaya mbili zenye unene wa milimita mraba 0.5. Kwenda na kurudi ni mita 100, sawa na ukinzani wa karibu omu 3.45. Maziwa yakiwa na nyuzi 63, platinamu ina omu 124.4, ukijumlisha na shaba unapata 127.8, ambayo kwa moduli ni nyuzi 72 kamili. Kidhibiti kinaridhika, kengele haililii, na maziwa yanapita kwa sekunde 15 kwenye joto ambalo lingehitaji dakika 30. Hatari hiyo inamfikia mtoto anayeyanywa.

Kuondoa nyuzi tisa kwenye hesabu hakutoshi, kwa sababu ukinzani wa shaba nao hubadilika jua likipanda. Waya wa tatu huiwezesha moduli kupima ukinzani wa nyaya na kuutoa, mradi zote zilingane. Skrubu moja iliyolegea huharibu ulinganifu huo. Nyaya nne ndizo bora: mbili hubeba mkondo, mbili hupima volteji bila kubeba mkondo wa maana.

Kwenye tanuri, ambako joto ni kali zaidi, hutumika themokapo, yaani nyaya za metali mbili tofauti zilizounganishwa nchani. Volteji yake hutokana na tofauti ya joto kati ya ncha hiyo na mwisho wa nyaya hizo. Kwa hiyo moduli hupima joto la terminali zake yenyewe, kisha huongeza volteji inayolingana nalo. Fundi akiunganishia shaba ya kawaida kwenye kichwa cha themokapo chenye nyuzi 60, huku terminali zikiwa na nyuzi 30, tanuri la nyuzi 800 litasomeka karibu 770.

Jaribio lake ni rahisi. Nyaya zikichomolewa na terminali mbili zikaunganishwa kwa kipande kifupi cha waya, moduli inapaswa kuonyesha joto la terminali, hapa nyuzi 30. Ikionyesha hivyo, kosa litafutwe kwenye nyaya, kuanzia kichwa cha themokapo.