Karoti Iliyoota Miguu

Dalali hakusema neno. Alilimimina tenga la karoti zangu juu ya gunia, akaanza kuchambua: nyoofu kulia kwake, zenye miguu kushoto. Fungu la kushoto likawa kubwa kuliko la kulia. Lilikuwa zao la kitalu changu cha mteremkoni, huku Lushoto, nilichokipalilia na kukimwagilia kwa mikono yangu. Nikarudi nyumbani nikiilaumu mbegu.

Jirani yangu, mzee aliyelima bonde lile tangu ujana wake, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, umepima zimegawanyikia wapi?"

Sikuwa nimepima. Tulizipanga karoti kumi juu ya ubao, mabega yote yakiwa kwenye mstari mmoja, tukaweka rula. Nane kati ya hizo zilikuwa zimeachana miguu kwenye sentimita 11 hadi 13. Mzee akachukua kipande cha nondo nyembamba, tukaenda shambani siku ya pili baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu. Nondo ilizama kwa urahisi, kisha ikagota. Tukahamia hatua tatu mbele, ikagota tena. Kila mahali ilikuwa ni kwenye sentimita 12 au karibu na hapo. Kina hicho ndicho ambacho jembe langu la mkono hufika. Msimu baada ya msimu nilikuwa nikikatua tabaka lile lile la juu, na chini yake jembe na nyayo zangu zilikuwa zimeshindilia sakafu ngumu.

Ili kuelewa kwa nini sakafu ile ilizipa karoti miguu, inabidi kuifuata mbegu tangu mwanzo. Karoti huchelewa kuota; huchukua wiki moja hadi tatu. Lakini mche unapoonekana juu ukiwa mwembamba kama uzi, chini tayari mzizi mmoja umeshika safari ya kwenda moja kwa moja. Katika wiki chache za kwanza mzizi huo hautafuti unene, unatafuta kina. Kunenepa huja baadaye, na hunenepa palepale ulipokwisha kupita. Kwa hiyo umbo la karoti utakayovuna mwezi wa tatu huamuliwa kwa sehemu kubwa wakati mche bado una majani machache tu.

Kazi yote ya kushuka inafanywa na ncha ya mzizi, ambayo ni laini kuliko ncha ya sindano ilivyo ngumu. Ikigonga jiwe, ikikutana na sakafu iliyoshindiliwa, ikiungua kwa samadi mbichi au ikishambuliwa na wadudu, husimama au hufa. Hapo mizizi ya pembeni iliyo jirani hushika nafasi yake, miwili au mitatu kwa pamoja, na kila mmoja hunenepa kama karoti yake. Ndiyo sababu karoti haihamishwi kutoka kitaluni kama kabichi au nyanya. Unapong'oa mche huo, ncha hukatika, na hata ukiupanda kwenye udongo laini kama unga, utavuna miguu.

Kina cha mgawanyiko basi kinaeleza mengi. Zikigawanyika karibu zote kwenye kina kimoja, tafuta sakafu ngumu. Zikigawanyika ovyo, moja juu, nyingine chini, nyingine nyoofu kabisa, tuhumu mawe, mabonge ya udongo au vipande vya samadi isiyooza. Kuna pia kosa la kupanda kwa msongamano: karoti mbili hujisokota zikaonekana kama moja yenye miguu. Angalia shingo. Ikiwa kuna mashina mawili ya majani, hizo ni karoti mbili ambazo hazikupunguzwa mapema, na udongo hauna hatia.

Mshtakiwa anayesahaulika zaidi ni minyoo fundo, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho inayoingia ndani ya mizizi. Hapa usiing'oe karoti kwa kuivuta majani, kwa sababu ushahidi utabaki ardhini. Ichimbe na udongo wake, iloweke kwenye ndoo, kisha ikoroge taratibu hadi mizizi midogo ibaki safi. Ukiona vifundo kama shanga ndogo kwenye mizizi hiyo, kulima kwa kina hakutakusaidia. Minyoo hiyo hushambulia pia nyanya, maharage na saladi, hivyo kupokezanya karoti na mazao hayo ni kuilisha tu.

Nyufa zina habari tofauti, nazo huhusu maji zaidi kuliko ugumu. Udongo ukikauka kwa muda, karoti hupunguza kasi na tabaka lake la nje hukakamaa. Ikija mvua kubwa, au mwenye shamba akikumbuka kumwagilia kwa wingi, sehemu ya ndani hunenepa ghafla na ngozi hushindwa kufuata. Hupasuka kwa urefu. Ukingo wa ufa utakuambia ni lini: ukiwa na rangi ya machungwa iliyo safi, ufa ni wa siku za karibuni; ukiwa na kovu la kahawia, ulitokea zamani na karoti iliendelea kukua nao. Kuzichelewesha ardhini baada ya kukomaa huleta matokeo hayo hayo. Viazi vitamu na figili hupasuka kwa njia hiyo pia, na figili ni mwepesi zaidi kwa sababu hukua haraka.

Ama karoti yenye ndevu, hiyo huwa imeshiba vibaya. Kila karoti ina mizizi myembamba ya pembeni, lakini ukiona imefunikwa nayo kama masharubu, kwanza kumbuka ulichoweka. Samadi mbichi au yuria nyingi huipa naitrojeni ya kupindukia. Majani hustawi sana, na mizizi midogo hutapakaa. Udongo unaotuama maji nao huleta ndevu, kwa kuwa mizizi hukosa hewa. Bitiruti hufanya vivyo hivyo. Samadi si adui. Kosa ni wakati wake. Iweke kwa zao linalotangulia, kabichi kwa mfano, kisha karoti zifuate msimu unaokuja.

Turudi kwangu. Msimu uliofuata nilichimba kwa jembe uma hadi sentimita 30, bila kuugeuza udongo wa chini kuja juu, nikatengeneza matuta yenye upana wa mita moja, yaliyoinuka sentimita 20. Nilinunua Shantenei, aina fupi na nene ambayo haihitaji kina kama zile ndefu. Nilitia mbegu sentimita moja ardhini, mistari ikiachana sentimita 20, na miche ilipofikia urefu wa kidole nikaipunguza hadi kubaki sentimita 5 kati ya mmoja na mwingine. Kupunguza kunauma, kwa sababu unang'oa mimea yenye afya. Lakini nilimwagilia kwanza ili iliyobaki isitikiswe mizizi.

Zilikomaa kwenye siku 90 hivi. Tuta la juu lilitoka nyoofu. Tuta la chini, upande wa njia ya mguu, lilinirudishia karoti zenye miguu kwa urefu wa hatua nne. Nilichukua nondo nikaichomeka hapo: iligota kwenye sentimita 14. Watu walikuwa wamekatiza kwenye kona ile wakati udongo umelowa, na mimi nilikuwa mmoja wao.