Punje Moja kwenye Shimo la Kwanza

Watoto wa kwetu Kampala huisikia hadithi hii ikiwa na mfanyabiashara. Alimfurahisha mfalme, akaambiwa ataje zawadi anayoitaka. Akaomba mchele: punje moja kwenye mraba wa kwanza wa ubao wa sataranji, mbili kwenye wa pili, nne kwenye wa tatu, kila mraba mara mbili ya uliotangulia, hadi wa 64. Mfalme akacheka na kukubali. Hadithi ni kongwe. Ibn Khallikan aliiandika katika karne ya 13, na kwake mwombaji ni Sisa, anayesemwa ndiye aliyebuni mchezo wenyewe.

Jumapili moja niliijaribu na watoto wa dada yangu. Sataranji hatukuwa nayo, tukachukua ubao wa omweso, ndugu wa bao la pwani: safu nne za mashimo manane, jumla 32. Ni nusu kamili ya ubao wa mfalme.

Tulipomaliza safu ya kwanza tulikuwa tumetumia punje 255, kama kijiko cha chai. Shimo la 11, lenye punje 1,024, lilifurika, tukaacha mchele na kushika kalamu. Gramu moja ya mchele ina punje zipatazo 50, hivyo safu ya pili ilipoisha tulikuwa na kama kilo 1.3 tu. "Mjomba, kumbe mfalme hakuwa mjinga," akasema mdogo wao.

Tukaendelea. Mwisho wa safu ya tatu ilikuwa kilo 335, magunia matatu na ushei. Mwisho wa ya nne, tani 86: karibu magunia 860, shehena ya malori kadhaa yanayoshusha nafaka kwenye vinu vya Kisenyi. Kila safu huzidisha jumla takriban mara 256, lakini macho yetu yalikuwa yamezoea kijiko.

Siri iko kwenye shimo la mwisho. Kila shimo lina punje moja zaidi ya mashimo yote yaliyolitangulia yakijumlishwa. Kwa hiyo nusu ya mchele wote wa omweso imo katika shimo moja, la 32, na mashimo 31 yanagawana nusu iliyobaki. Kwenye sataranji, mraba wa 33 peke yake unadai tani nyingine 86. Ukifika wa 64, deni ni takriban tani bilioni 370, sawa na mavuno ya mchele ya dunia nzima kwa miaka kama 700.

Hesabu hii Kampala imewahi kuiona majini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 magugu maji, mmea wa Amerika Kusini, yaliingia Ziwa Viktoria. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yakiziba bandari ya Port Bell. Yakipata joto na maji yenye rutuba, huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili au chini yake.

Tuanze na mita moja ya mraba, iwe maradufu kila wiki mbili. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Hatua 36 zinatosha kulifunika karibu lote, yaani wiki 72. Lakini zikiwa zimebaki wiki 20, magugu yangefunika kilomita za mraba 67 tu, pungufu ya sehemu moja ya elfu. Mvuvi angeliona ziwa jeupe na kusema bado kuna muda.

Ziwa halikufunikwa lote, kwa sababu halina subira ya ubao. Mmea ulijazana kwenye ghuba na kando, ukakosa nafasi. Upepo na mawimbi viliukatakata na kuusukuma huku na huko. Ndiyo maana kipimo cha ukuaji wake ni kugawanya eneo la leo kwa la wiki mbili zilizopita: jibu likibaki mbili, safari ya ubao inaendelea, likianza kushuka, mmea umegonga ukuta.

Mwishoni mwa mwaka 1995 Uganda iliachia fukusi wa jenasi ya Neochetina, ambao mabuu yao hutoboa mashina ya magugu. Kwa muda mrefu hakuna kilichoonekana, na wengi walikata tamaa. Kumbe fukusi nao walikuwa kwenye safu yao ya kwanza. Kufikia mwaka 1998 magugu yalianza kuporomoka sehemu nyingi, yakisaidiwa pia na mawimbi na hali ya hewa.

Jioni ya Jumapili ile tuliupika mchele wa mashimo kumi ya kwanza, punje 1,023. Haukufika hata kujaza kiganja cha mdogo wao.