Heshima Bila Kusifia: Barua Pepe ya Kihindi ya Kumwomba Profesa Barua ya Mapendekezo

Katika Kihindi, heshima hukaa kwanza katika sarufi, kisha katika msamiati wa sifa. Nafsi ya pili ina viwakilishi vitatu, yaani tu, tum na aap, na mwanafunzi anayemwandikia profesa hana budi kutumia aap, ambacho huambatana na kitenzi cha wingi hata kama mwandikiwa ni mtu mmoja. Hivyo, kabla sifa yoyote haijatajwa, profesa amekwisha kuheshimiwa. Makala haya yanashikilia kwamba sifa nyingi zinazoongezwa juu ya msingi huo hazizidishi adabu, bali huzua shaka kuhusu nia ya mwombaji.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwanafunzi wa kike anayeomba ufadhili wa uzamivu. Mada ya barua yake ni anushansa-patra hetu nivedan, yaani ombi la barua ya mapendekezo. Neno sifarish lingeeleweka pia, lakini katika mazungumzo ya kawaida hubeba maana ya kupenyezewa jambo kwa kujuana, na kwa hiyo halifai sana hapa. Anaanza na adaraniy mahoday, 'mheshimiwa bwana' (kwa profesa wa kike angeandika mahodaya), kisha anajitambulisha: maine aapse do satr bhashavigyan padha, 'nilisoma isimu kwako mihula miwili'. Sentensi hii ina uzito kuliko kumwita profesa bahari ya elimu, kwa kuwa inampa kitu cha kukumbuka na cha kuandika.

Ombi lenyewe ndilo linalohitaji uangalifu zaidi. Kripaya likhie, 'tafadhali andika', lina adabu kisarufi, lakini bado ni amri iliyolainishwa. Mwanafunzi huyu anaandika: yadi aapko uchit lage, to kya aap mere lie anushansa-patra likh sakenge? Maana yake ni 'ukiona inafaa, je, utaweza kuniandikia barua ya mapendekezo?' Swali, wakati ujao na kitenzi cha uwezo humwachia profesa nafasi ya kukataa bila aibu. Profesa akiwa mwanamke, sakenge hugeuka sakengi. Kosa hapo huonyesha kwamba barua imenakiliwa kutoka kwa ile aliyoandikiwa mtu mwingine. Kisha anataja tarehe ya mwisho, wiki nne mbele, anaambatisha wasifu na muhtasari wa tasnifu, na kufunga kwa bhavdiya.

Amejizuia kuandika main sada aapki rini rahungi, 'nitakuwa na deni kwako daima'. Kauli hiyo ina mahali pake baada ya msaada kutolewa. Ikitangulia ombi, humbana mwombwa.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ugumu uko penginepo. Kiswahili sanifu hakina kiwakilishi maalumu cha heshima kinacholingana na aap. Adabu hubebwa na maamkizi, vyeo na kauli kama naomba. Anayetafsiri kutoka Kiswahili hushawishika kufidia upungufu huo kwa sifa, ilhali Kihindi kimekwisha kuufidia ndani ya kitenzi.