Mzigo umepokelewa, haujakubaliwa: Mahindi yanavyozuiwa kwenye kompyuta ya kiwanda

MACHI 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa kila shehena kuwa na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kila kilo. Kiwango hicho ndicho kilichomo kwenye viwango vya Afrika Mashariki vya mahindi, pamoja na unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Cheti humvusha mfanyabiashara mpakani. Lakini malipo yake yanategemea ukaguzi mwingine, ule wa getini kwa kiwanda cha kusaga, na matokeo yake huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta unaounganisha ghala, manunuzi na uhasibu. Mifumo hiyo huitwa ERP, na SAP ni mmoja kati ya inayotumiwa na makampuni makubwa.

Wengi hudhani kwamba ghala likishapokea mzigo na kugonga mhuri kwenye hati ya kupokelea, biashara imekwisha. Ndani ya kompyuta, mzigo uliopokelewa unaweza kuwa katika hali tatu. Ya kwanza ni mzigo huru, ambao kiwanda kinaweza kuusaga. Ya pili ni mzigo ulio kwenye ukaguzi. Ya tatu ni mzigo uliozuiwa, ambao hauruhusiwi kutumika hadi uamuzi utolewe.

Mfano wa lori moja

Chukua lori lenye magunia 280 ya kilo 100, yaani tani 28, lililopakia soko la Kibaigwa na kupita Namanga kwenda kiwandani Nairobi. Magunia 180 yametoka kwa mkulima mmoja na 100 kwa mwingine, lakini hati zote zinasema tu "mahindi, tani 28".

Karani wa ghala anaingiza mzigo kwa kutumia oda ya manunuzi. Kwenye SAP tendo hilo lina namba 101. Ikiwa mahindi yamewekewa sharti la kukaguliwa, mfumo wenyewe unayapeleka kwenye hali ya ukaguzi na kufungua faili la ukaguzi la shehena hiyo. Ankara ya muuzaji inaweza kufika uhasibu siku hiyohiyo, lakini mfumo ukiwa umepangwa hivyo, malipo yanafungwa hadi mkaguzi aamue.

Mkaguzi hafungui magunia yote. Kanuni inayotumika sana kwa nafaka ya magunia ni hii: yakiwa 10 au pungufu, yote huchomwa bambo, kuanzia 11 hadi 100, huchomwa 10 yaliyoteuliwa bila kupendelea, yakizidi 100, huchukuliwa kipeo cha pili cha idadi yake. Kipeo cha pili cha 280 ni karibu 16.7, kwa hiyo bambo linaingia magunia 17. Punje zote huchanganywa kuwa sampuli moja.

Unyevu unasomwa kwa kipima unyevu na kuonekana ni asilimia 13.1. Hapo mzigo umefaulu. Kwa sumukuvu, sampuli inasagwa kwanza ndipo sehemu ndogo ipimwe. Jibu linakuja mikrogramu 13. Mkaguzi anaandika matokeo, anatoa uamuzi wa kukataa, na tani zote 28 zinahamishiwa kwenye mzigo uliozuiwa, tendo namba 350.

Mzigo mmoja au miwili?

Sumukuvu haisambai sawasawa kama unyevu. Punje chache zenye ukungu zinaweza kubeba sumu nyingi huku maelfu ya jirani zake yakiwa safi. Ndiyo maana sampuli mbili za lori lilelile zinaweza kutoa majibu tofauti, na gunia moja kuchomwa mara moja hakuthibitishi chochote. Muuzaji anayetilia shaka jibu ana haki ya kuuliza mambo matatu: magunia mangapi yalichomwa, je, sampuli nzima ilisagwa kabla ya kugawanywa, na je, sehemu yake imefungwa na kuhifadhiwa ili ipimwe tena katika maabara nyingine.

Sasa tuseme magunia ya kila mkulima yaliwekewa alama yake tangu kupakia, na hati zikaonyesha mafungu mawili. Karani angeyapokea kwa namba mbili za fungu, na kila fungu lingefunguliwa faili lake la ukaguzi. Fungu la magunia 180 lingechomwa magunia 14, na la 100 lingechomwa 10.

Tuseme fungu la kwanza linatoa mikrogramu 5 na la pili 28. Ukiyachanganya unapata takriban 13, jibu lilelile lililoangusha lori zima. Yakitenganishwa, tani 18 zinakuwa mzigo huru kwa tendo namba 321, na tani 10 pekee ndizo zinazuiwa. Tofauti ni alama kwenye magunia na mstari mmoja wa ziada kwenye hati. Alama hizo lazima ziwe za kweli, kwani magunia yakishachanganyika hakuna kompyuta itakayoyatenganisha.

Kurudisha mzigo

Mahindi yenye unyevu mwingi yanaweza kuanikwa na kupimwa upya. Sumukuvu haiondoki kwa kuanika, kwa hiyo tani hizo 10 hurudishwa kwa muuzaji, tendo namba 122. Oda ya manunuzi inafunguka tena kwa tani 10, na muuzaji anaweza kuleta mzigo mbadala kwa oda ileile.

Hapa ndipo malipo hukwama. Ankara ya awali inasema tani 28 wakati kompyuta inaona 18, na mfumo unaifunga kwa sababu idadi hazilingani. Muuzaji akikaa kimya, hata fedha za tani 18 zilizokubaliwa hazitoki. Dawa yake ni kutoa mara moja hati ya kupunguza deni ya tani 10, yenye namba ya oda na ya hati ya kurudisha mzigo.

Zipo pia njia ambazo mfumo unashindwa. Kiwanda kikikosa malighafi, karani anaweza kuingiza mzigo moja kwa moja kama mzigo huru. Dalili yake ni hati ya kupokelea isiyokuwa na faili la ukaguzi, na lawama za ubora zikija wiki mbili baadaye, hakuna sampuli ya kurejea. Vilevile zuio la kompyuta halilindi gunia. Magunia yaliyokataliwa yasipowekwa kando na kubandikwa kadi, mpagazi atayabeba kama mengine.

Viwanda vingine hutumia tendo namba 103 getini, ambalo huandika kuwa mzigo umefika lakini bado si mali ya kiwanda wala hauna thamani vitabuni. Kwa muuzaji, swali la kuuliza kabla ya kushusha ni moja: mzigo unaingia kwa 101 au kwa 103? Katika 103, hati iliyogongwa mhuri inathibitisha tu kwamba lori lilifika.

Tendo namba 122 huchukua sekunde chache, lakini haligusi karatasi za forodha. Tani hizo 10 zilishaingizwa Kenya, na kuzirudisha kunahitaji nyaraka nyingine, hivyo wakala wa forodha aulizwe kabla lori halijageuza. Mkataba nao useme mapema nani analipa nauli ya kurudi, mzigo uliokataliwa ukae siku ngapi, na jibu la maabara ipi ndilo la mwisho.