Kijiji cha mita mbili mbili

Anayeanza kujenga kijiji ndani ya Blender huanza na nyumba. Anasimamisha kuta, anatoboa mlango, anaezeka, na nyumba ya pili anaianza upya. Watengenezaji wa michezo ya kompyuta hawahangaiki hivyo. Wao huandaa vipande vichache, yaani ukuta mtupu, wenye mlango, wenye dirisha, nguzo na paa, kisha wanavipanga.

Kipimo ndicho hutangulia. Tuseme kila ukuta una upana wa mita 2, kimo cha mita 3 na unene wa sentimita 20. Nyumba ya mita 4 kwa 6 itahitaji vipande 10. Kitovu cha kipande, kile kidoa cha rangi ya chungwa, kikae chini kwenye ncha moja ya ukuta, katikati ya unene. Kikibaki katikati ya upana, ukuta ukizungushwa nyuzi 90 ncha zake zitaangukia mita moja nje ya mistari ya mita mbili mbili, na hapo ndipo mapengo huanza. Kitovu kikiwa nchani, unaandika `G X 2` tu na kipande kinakaa mahali pake.

Kazi iko kwenye kona. Kuta mbili zikikutana pale, upande wa ndani zinapandana, na upande wa nje panabaki kishimo cha sentimita 10 kwa 10. Pale zinapopandana, nyuso za juu zinalingana kabisa, hivyo kompyuta haijui ioneshe ipi. Ukisogeza kamera unaona madoa yanayomemeteka. Wengi hukimbilia kurefusha ukuta mmoja, na tayari wameshaharibu kipimo. Dawa ni nguzo ya sentimita 30 kwa 30, iliyozidi kuta kwa kimo kidogo: inaziba kishimo, inafunika madoa, na nyumba inapendeza zaidi.

Vipande vinakiliwe kwa `Alt+D`, si `Shift+D`. Nakala za `Alt+D` zinatumia umbo moja, kwa hiyo ukipanua dirisha moja, madirisha yote ya kijiji yanapanuka. Ukitaka kuta zionekane zimekandikwa kwa mkono, sogeza nukta za katikati tu. Nukta za pembezoni usiziguse hata kidogo, maana ndizo zinazoungana na jirani.

Sasa kiwanja chenyewe: vigae vya mita 4 kwa 4, vinne kila upande, kisima katikati na nyumba tano kuzunguka. Kila kitu kikifuata mistari, panafanana na kambi ya jeshi. Funga vipande vya kila nyumba chini ya `Empty` moja, kisha zungusha hiyo `Empty` nyuzi 5 hapa, 8 kule. Ndani ya nyumba kuta zinabaki zimeshikana vilevile, ila milango haitazamani tena kama askari kwenye gwaride. Ukishazungusha, usiongeze ukuta kwa kufuata mistari ya dunia. Rudisha nyuzi za `Empty` kwenye 0, ongeza ukuta, uufunge kwenye hiyo `Empty`, kisha izungushe tena.