Tarakimu sitini na mwenye mita

Mwaka 2024 wateja wengi wa umeme wa kulipia kabla, Tanzania na Kenya, walinunua uniti kama siku zote wakapata risiti ya ajabu. Badala ya namba moja ya tarakimu 20, zilikuja tatu, jumla tarakimu 60. Jirani yangu alinifuata na simu mkononi. Alikuwa ameingiza namba ya mwisho peke yake, kwa kuwa siku zote namba ni moja tu, na mita ikaikataa. "Hela imeliwa," akasema.

Haikuliwa. Ila maelezo yaliyomfikia yalisema tu kwamba mfumo umeboreshwa. Neno "maboresho" lina matatizo yake: linamwambia mteja kwamba mwenye mfumo amefurahi, lakini yeye mwenyewe afanye nini halisemi.

Chanzo cha jambo hili ni cha kihandisi. Mita hizi hufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho STS. Ndani ya kila tokeni mna namba ya utambulisho, TID, ambayo ni hesabu ya dakika zilizopita tangu tarehe ya msingi, yaani 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, zinazotosha dakika 16,777,216. Ukizigeuza kuwa siku, unafika 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri. Mita nayo hutunza TID za tokeni ilizokwisha pokea, ili mtu asiingize tokeni moja mara mbili. Ikiona hesabu ndogo kuliko zile ilizonazo, inaamua kwamba tokeni ni ya zamani na kuikataa. Dawa yake ni kuipa mita ufunguo mpya wa siri pamoja na tarehe mpya ya msingi ya 2014, na kuifutia kumbukumbu ya TID za nyuma. Ufunguo wenyewe hauenei katika tokeni moja, hivyo hugawanywa nusu kwa nusu. Ndiyo maana namba za kubadilisha zilikuwa mbili, kisha ya tatu ikabeba uniti.

Sasa chukulia wewe ndiye umekabidhiwa kumwandikia mteja, na mezani una ripoti ya mafundi. Hii hapa nimeitunga mwenyewe, kwa namna mhandisi yeyote makini angeiandika:

"Kwa kuwa TID ya biti 24 itajaa tarehe 24 Novemba 2024, mita zote zitahamishiwa tarehe ya msingi ya 2014 kwa tokeni mbili za kubadili ufunguo. Zoezi litafuta kumbukumbu ya TID zilizotumika. Tokeni zilizotolewa kwa ufunguo wa awali hazitatambuliwa baada ya hapo. Salio la mita halitaguswa."

Ni aya safi, inayoanza na sababu na kuishia na matokeo. Kosa ambalo waandishi wengi hufanya hapa ni kuifupisha: wanatoa "biti 24", wanabadilisha "ufunguo wa awali" kuwa "mfumo wa zamani", lakini mpangilio wanauacha vilevile. Muhtasari wa namna hiyo ni ripoti ileile iliyonyolewa nywele.

Mimi huanza kwa kupitia kila sentensi na swali moja: mkono wa mteja, macho yake au mfuko wake utaona nini tofauti? Sentensi ya kwanza, yenye fahari yote ya kihandisi, inampa mteja mambo mawili tu, tarehe na namba mbili za ziada. Ya pili haimpi chochote, inaondoka. Ya tatu, ambayo mhandisi ameipitia kama jambo dogo, ndiyo inayouma. Kuna watu hununua tokeni na kuziweka, wameziandika kwenye kikaratasi nyuma ya kalenda. Wakibadilisha ufunguo kwanza, kikaratasi hicho hakifai tena. Kwa hiyo sentensi ya tatu inapanda juu kabisa na kuwa agizo: "Kama una tokeni ambayo hujaiingiza, iingize kwanza."

Ya nne nayo inapanda, kwa sababu inajibu hofu. Mtu akiambiwa mita yake inabadilishwa, jambo la kwanza analowaza ni uniti zake zilizomo. Lakini "salio halitaguswa" ni lugha ya ofisini. Mwambie: "Uniti zilizomo kwenye mita zitabaki zilivyo." Ongeza kwamba mita haing'olewi na kwamba namba mbili za mwanzo hazilipiwi. Hayo mawili hayamo katika aya ya mhandisi, kwa kuwa kwake yako wazi mno, kwa hiyo utayapata kwa kumuuliza.

Hatari kubwa iko kwenye tarehe. Ni rahisi kuandika: "Mita ambazo hazijabadilishwa hazitafanya kazi baada ya 24 Novemba." Inasomeka vizuri, lakini si kweli. Mita haizimi taa usiku wa tarehe hiyo. Umeme unaendelea hadi uniti zilizomo ziishe, na kinachokwama ni tokeni mpya. Sentensi ile ingewapanga watu foleni bure. Ndiyo sababu rasimu inarudi kwa fundi, naye asiulizwe kama ameipenda. Aulizwe: kuna mteja yeyote ambaye kwake sentensi hii ni uongo?

Kisha kuna kipimo ambacho hakifanyiki ofisini. Mpe rasimu mtu asiyejua lolote, simama naye mbele ya mita, nyamaza. Hapo ndipo utagundua kwamba anayenunua na anayebonyeza mara nyingi ni watu wawili. Kijana yuko Dar es Salaam, mita iko kwa mama yake Moshi. Amezoea kunakili namba moja na kuituma. Risiti ikija na tatu, atatuma ile iliyo karibu na neno "uniti", na mama atakwama kama jirani yangu alivyokwama. Ripoti ya mafundi haina kijana huyu, kwa sababu kwao mteja ni namba ya mita. Muhtasari unamhitaji: "Kama unamnunulia mtu mwingine, mtumie namba zote tatu, kwa mpangilio uliozipokea."

Nafasi nayo inabana. Ujumbe mmoja wa simu una herufi 160. Namba tatu zikiandikwa kwa mafungu ya tarakimu nne nne na vistari katikati zinakula 72. Zinabaki 88, na hapo hujaweka kiasi wala tarehe. Maelezo yote hayaingii, kwa hiyo ni heri yatangulie katika ujumbe wake, siku chache kabla, na risiti ibebe yale ya wakati wa kubonyeza tu:

"Ingiza ya 1, ya 2, kisha ya 3. Ya 3 ndiyo umeme. Mara moja tu."

Hayo "mara moja tu" niliyapenda sana, kwa kuwa yanamtuliza mtu asidhani atabonyeza tarakimu 60 maisha yake yote. Nilimsomea rafiki yangu fundi wa mita. Akatabasamu, akachukua kalamu na kupiga hesabu: tarehe mpya ya msingi ni 2014, biti ni zilezile 24, kwa hiyo hesabu itajaa tena mwaka 2045. Tukabishana kidogo. Mwishowe tukaandika "Ukinunua tena utapata namba moja kama zamani," naye akakubali kutia sahihi.